Jinsi ya kumfafanulia mwenye biashara ndogo vifungu vya data na kusitisha katika masharti ya programu

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. "Nikiifuta programu kwenye simu, nimeacha kulipa?" "Wameandika data ni yangu, sasa nihofu nini?" "Nikihamia programu nyingine, orodha ya wateja wangu itakuwa wapi?" Majibu yake yamo ndani ya masharti ya matumizi, ila yametawanyika: kipande kwenye kifungu cha malipo, kipande kwenye sera ya faragha, kingine mwishoni kabisa ambako hakuna anayefika.

Mwongozo huu ni wa yule anayekabidhiwa masharti hayo na kuambiwa "hebu nisomee hapa wanasemaje": mtunza hesabu, karani, ndugu anayejua kompyuta. Kama mwenye biashara ni wewe mwenyewe, hatua hazibadiliki. Mwisho wa kazi utakuwa na ukurasa mmoja wa lugha ya kawaida wenye ahadi, mitego na tarehe. Sitapita kila kifungu. Nitakaa pale vifungu vya kusitisha vinapokutana na vifungu vya data, yaani siku mwenye biashara anapoondoka na yatakayoipata data yake baada ya hapo. Watu huvisoma kimoja kimoja na kuona kila kimoja kiko sawa, kumbe tatizo limekaa katikati yao.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Mwenye saluni anatumia programu ya kupanga miadi. Ndani yake kuna majina ya wateja, namba za simu, historia ya miadi, picha za mitindo, na maelezo kuhusu nani ana mzio wa dawa gani ya nywele. Alijiunga tarehe 10 Machi 2025 kwa mpango wa mwaka, na malipo yanakatwa kila mwezi. Vifungu utakavyovisoma humu nimevitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka katika programu za biashara. Programu yako itakuwa na maneno yake na hesabu zake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Masharti yote, siyo ukurasa wa mbele tu. Masharti hutaja nyaraka nyingine na kusema nazo ni sehemu ya makubaliano: sera ya faragha, ukurasa wa bei, na mara nyingi mkataba wa uchakataji wa data, yaani waraka unaoeleza kampuni itaishughulikiaje data kwa niaba ya mteja. Zote zihifadhi kama PDF na uweke tarehe ya leo kwenye jina la faili. Ukurasa wa mtandaoni unaweza kubadilika kesho.
- Barua pepe ya kwanza ya kuthibitisha usajili. Humo mna tarehe ya kuanza na jina kamili la mpango.
- Jibu la swali hili: fedha zinakatwa na nani? Kampuni ya programu yenyewe, App Store, au Google Play?
- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Akaunti ya mfanyakazi wa kawaida mara nyingi haioni kitufe cha kusitisha wala cha kupakua data.
- Kalenda, na mwenye biashara karibu yako kwa maswali machache.

Hatua ya 1: Hakikisha unasoma masharti yanayomhusu

Kampuni moja inaweza kuwa na masharti mawili, ya mtu binafsi na ya biashara, na ukitafuta mtandaoni utaletewa lolote. Linganisha jina la mpango lililo kwenye barua pepe ya kwanza na jina lililo kwenye masharti. Kisha angalia juu ya ukurasa tarehe ya kuanza kutumika.

Tofauti hii ina uzito. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mlaji anayenunua huduma mtandaoni ana siku 14 za kubadili nia, lakini haki hiyo ni ya mlaji, siyo ya biashara. Ukikuta sentensi kama "Mteja anathibitisha kuwa anatumia Huduma kwa shughuli za biashara", iweke kwenye ukurasa wako hivi: "Ukibonyeza kukubali, umesema wewe ni biashara. Usitegemee kinga wanazopewa wanunuzi wa kawaida."

Hatua ya 2: Anza na maneno yenye herufi kubwa

Neno kama "Data ya Mteja" likiandikwa kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, ujue limepewa maana yake mahali fulani, kwa kawaida kwenye kifungu cha kwanza au cha mwisho. Nenda huko kwanza. Usipofanya hivyo utafafanua sentensi nzima vizuri na bado utakosea.

Mara nyingi utakuta makundi matatu. Data ya Mteja ni vitu alivyoingiza mwenye biashara, maana "Mteja" kwenye masharti ni yeye, siyo wateja wa saluni. Data ya Matumizi ni kumbukumbu za namna anavyoitumia programu: saa, vitufe, aina ya simu. Data Iliyojumlishwa ni takwimu zilizotengenezwa kutokana na wateja wengi baada ya kuondoa majina. Ahadi nzuri karibu zote huhusu kundi la kwanza tu.

Kwa hiyo chukua vitu halisi vya saluni na uviweke kwenye makundi hayo. Majina na namba za simu ni Data ya Mteja, bila shaka. Maelezo ya mzio pia. Lakini ripoti ya "mteja huyu huja kila baada ya wiki ngapi" ambayo programu imeikokotoa yenyewe? Kwenye masharti mengine ni ya mteja, kwenye mengine ni ya kampuni, na ikiwa ya kampuni huenda asiondoke nayo. Muulize mwenye biashara ni vitu gani asingeweza kufanya kazi bila hivyo, kisha hakikisha kila kimoja kimepata kundi lake.

Hatua ya 3: Winda vifungu kwa kutafuta, usisome toka mwanzo

Masharti mengi yako kwa Kiingereza, basi fungua PDF, bonyeza Ctrl+F na utafute vipande hivi kimoja baada ya kingine:

```
renew
notice
terminat
cancel
refund
export
delet
retain
surviv
```

Baadhi nimevikata makusudi ili kipande kimoja kinase maumbo yote ya neno hilo. Kila unapokigundua kifungu, andika namba yake. Cha mwisho kwenye orodha watu hukiruka, nacho ndicho kinachotaja vifungu vitakavyoendelea kumbana mteja hata baada ya makubaliano kuisha. Kifungu kinachoipa kampuni ruhusa ya kutumia data kikiwa kwenye orodha hiyo, ruhusa haifi siku anapoondoka.

Hatua ya 4: Vunja kila kifungu kwa maswali matano

Usijaribu kuigeuza sentensi ya kisheria neno kwa neno. Utapata sentensi nyingine ngumu kama ile ya kwanza. Iulize maswali haya, kisha andika majibu kwa sentensi fupi:

1. Nani anatakiwa kutenda, kampuni au mteja?
2. Ni lazima, au anaweza tu akipenda?
3. Afanye nini hasa, na kwa njia gani?
4. Kabla ya lini?
5. Asipofanya, nini kinatokea?

Swali la pili ndilo linalowaangusha wengi. "Kampuni itafuta" ni ahadi. "Kampuni inaweza kufuta" si ahadi ya kufuta, wala si ahadi ya kutofuta. Ukiyaandika yote mawili kama "watafuta data yako", umempa mwenye biashara ahadi ambayo hakuna aliyeitoa. Na swali likikosa jibu ndani ya kifungu, andika "hawakusema". Usijaze kwa busara yako.

Hatua ya 5: Fafanua kifungu cha kuhuisha na kusitisha

Hiki hapa cha mfano wetu:

> Usajili utajihuisha wenyewe kwa kipindi kinacholingana na kilichotangulia, isipokuwa Mteja atoe taarifa ya maandishi ya kutohuisha si chini ya siku 30 kabla ya kumalizika kwa kipindi kinachoendelea. Ada zilizolipwa hazirejeshwi. Usajili ukisitishwa kabla ya kipindi kumalizika, ada za muda uliosalia zitadaiwa mara moja.

Kwa lugha ya kawaida:

> Usipowaambia kwa maandishi siku 30 kabla mwaka haujaisha, umeingia mwaka mwingine mzima. Ukiondoka katikati ya mwaka, unadaiwa miezi yote iliyobaki. Ulicholipa hakirudi.

Hapa mwenye saluni atashtuka, maana yeye amekuwa akilipa kila mwezi na anaamini anaweza kuacha mwezi wowote. Mpango wa mwezi na mpango wa mwaka unaolipwa kwa mwezi hufanana kabisa kwenye taarifa ya benki. Kinachovitofautisha ni neno "kipindi", na maana yake iko kwenye barua pepe ya kwanza au ukurasa wa bei, mara chache sana kwenye kifungu hiki chenyewe.

Angalia pia "taarifa ya maandishi" inapelekwa wapi. Kifungu kinachohusu taarifa, ambacho huwa mbali na hiki, kinaweza kudai barua pepe kwenye anwani maalumu. Kupiga gumzo na huduma kwa wateja kunaweza kusihesabike. Andika anwani hiyo kwenye ukurasa wako neno kwa neno.

*Makosa ya kawaida hapa.* La kwanza ni kufuta programu kwenye simu na kudhani mambo yamekwisha. Kuifuta hakusitishi usajili, iwe umelipia kwa kadi, App Store au Google Play. Kama malipo yanapitia kwenye duka la programu, usajili husitishwa huko huko dukani, ndani ya akaunti iliyotumika kununua. Kwa App Store, fanya hivyo angalau saa 24 kabla ya tarehe ya kuhuisha.

La pili ni baya zaidi: kuifunga kadi ili makato yashindikane. Kwa macho ya masharti, huko si kusitisha, ni kushindwa kulipa, na kushindwa kulipa ni ukiukaji. Utaona kwenye hatua ya 7 ukiukaji unavyoifanyia data.

Hatua ya 6: Fafanua kifungu cha data

> Mteja anabaki mmiliki wa Data ya Mteja. Mteja anaipa Kampuni leseni ya dunia nzima, isiyo na malipo na inayoweza kukabidhiwa wengine, ya kutumia, kunakili, kurekebisha na kuchambua Data ya Mteja ili kutoa, kudumisha na kuboresha Huduma na kutengeneza bidhaa mpya. Kampuni inaweza kutumia Data Iliyojumlishwa bila ukomo wa muda.

Sentensi ya kwanza huwafariji watu wakaishia hapo. Umiliki na ruhusa ni vitu viwili: nyumba inaweza kuwa yako na bado ukawa umempa mtu mwingine ufunguo. Kazi yako ni kusema ufunguo unafungua milango gani.

Leseni ya namna hii peke yake siyo ishara ya ubaya. Bila ruhusa ya kunakili, programu haiwezi hata kutengeneza nakala ya akiba. Bila ruhusa ya kurekebisha, haiwezi kupunguza ukubwa wa picha. "Inayoweza kukabidhiwa wengine" mara nyingi inahitajika kwa sababu data hukaa kwenye kompyuta za kampuni nyingine. Usimtishe mwenye biashara kwa maneno haya. Elekeza macho kwenye madhumuni, yaani kinachofuata baada ya "ili".

"Kutoa na kudumisha" huishia kwenye kazi aliyoilipia. "Kuboresha" ni pana kidogo. "Kutengeneza bidhaa mpya" imetoka nje ya saluni kabisa: maelezo ya wateja wake yanaweza kuchambuliwa ili kutengeneza kitu ambacho yeye hatakitumia kamwe. Hapo ndipo pa kuweka alama nyekundu. Nami ningeandika hivi:

> Data ni yako. Lakini umewaruhusu waitumie kukuhudumia na pia kutengeneza bidhaa zao nyingine, bila kukulipa. Takwimu zilizoondolewa majina wanaweza kubaki nazo daima. Hawakusema kama ruhusa hii inakoma ukiondoka: angalia kifungu cha yanayoendelea baada ya kusitisha.

Kuna jambo jingine la kumwambia, na hili halimo kwenye masharti. Maelezo ya mzio ni ya mteja wake, siyo yake. Katika nchi nyingi zenye sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, mwenye saluni ndiye anayewajibika kwa wateja wake kwa sababu ndiye aliyeamua kuzikusanya taarifa hizo. Programu inazishughulikia kwa niaba yake. Kwa hiyo akiulizwa na mteja "taarifa zangu ziko wapi?", hawezi kujibu "waulizeni wenye programu". Na habari za afya, mzio ukiwemo, sheria nyingi huzipa ulinzi mkali zaidi.

Hatua ya 7: Fafanua kifungu cha baada ya kusitisha

Kifungu hiki kisome polepole.

> Makubaliano yakisitishwa kwa sababu yoyote isipokuwa ukiukaji wa Mteja, Kampuni itampa Mteja, kwa maombi yake, fursa ya kupakua Data ya Mteja kwa siku 30. Baada ya hapo Kampuni haitakuwa na wajibu wa kuhifadhi Data ya Mteja na inaweza kuifuta. Data ikifutwa, nakala za akiba zitaondolewa ndani ya siku 90.

Pitisha maswali matano na mambo manne yatajitokeza.

"Isipokuwa ukiukaji wa Mteja": aliyefungiwa kwa kutolipa hana siku 30. Yule aliyefunga kadi akidhani anaondoka kistaarabu ndiye huyu. Anaweza kukuta akaunti imefungwa na orodha ya wateja imebaki ndani.

"Kwa maombi yake": mlango haujifungui wenyewe. Lazima aombe, tena ndani ya siku hizo.

"Haitakuwa na wajibu wa kuhifadhi": kuanzia siku ya 31 data inaweza kutoweka saa yoyote na hawezi kulalamika.

"Inaweza kuifuta": inaweza pia isiifute. Zile siku 90 za nakala za akiba zinaanza kuhesabiwa data ikifutwa, na hakuna palipoandikwa kwamba itafutwa lini. Hivyo mwenye saluni anakosa vitu viwili kwa pamoja: hana uhakika kuwa data yake itakuwepo akiihitaji, na hana uhakika kuwa ya wateja wake itaondoka akitaka iondoke.

Ukurasa wako useme:

> Ukiondoka kwa utaratibu, omba kupakua ndani ya siku 30. Ukifungiwa kwa kutolipa, hawajaahidi kukupa chochote. Baada ya siku 30 wanaweza kufuta, lakini hawajaahidi kufuta.

Sasa nenda kwenye mkataba wa uchakataji wa data kama upo. Ahadi ya kufuta mara nyingi imefichwa huko. Sababu ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ambayo kifungu chake cha 28 kinataka mkataba wa namna hii umlazimishe anayechakata data kwa niaba ya mwingine aifute au airudishe huduma ikiisha, kwa uchaguzi wa mwenye kuikabidhi, isipokuwa pale sheria inapodai ihifadhiwe. Kampuni zenye wateja huko huwa na waraka huo tayari. Uombe hata kama biashara iko bara jingine, kisha angalia umeandikwa kwa ajili ya nani.

Hatua ya 8: Geuza vifungu kuwa tarehe

"Siku 30 kabla" haikumbukwi na mtu. Tarehe hukumbukwa. Kwa saluni yetu:

- Mwaka wa kwanza unaisha tarehe 9 Machi 2026.
- Siku ya mwisho ya kutoa taarifa ni tarehe 7 Februari 2026, siku 30 kamili kabla. Ni Jumamosi.
- Matumizi ya kawaida yanakoma tarehe 9 Machi.
- Dirisha la kupakua linafungwa tarehe 8 Aprili 2026.
- Wakifuta siku hiyohiyo, nakala za akiba ziwe zimeondoka kufikia tarehe 7 Julai 2026. Wasipofuta siku hiyo, tarehe hii haipo.

Usimpe mwenye biashara tarehe 7 Februari. Mpe mwisho wa Januari. Jumamosi inaweza kuleta ubishi kama masharti yanasema taarifa hupokelewa siku za kazi tu, na saa zinazotumika zinaweza kuwa za nchi ya kampuni. Pia kuna ubishi wa kama siku ya kwanza inahesabiwa au la, na wiki moja ya ziada inaumaliza bila mwanasheria.

Hatua ya 9: Jaribu kupakua kabla ya kutoa taarifa

Hapa karatasi inakutana na hali halisi. Neno "kupakua" kwenye masharti halisemi utapata nini. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, pakua kila kinachopakulika, kisha fungua faili na umkague mteja mmoja unayemjua vizuri. Je, jina lipo? Namba ya simu? Miadi ya zamani? Yale maelezo ya mzio? Picha?

Mara kwa mara faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, huja na majina na namba, na maandishi ya pembeni na picha hubaki nyuma. Ikiwa hivyo, yaliyobaki yanakiliwe kwa mkono au yaombwe kwa barua pepe wakati akaunti ingali hai na inalipiwa. Ukishafungiwa, utakuwa unaomba hisani.

*Tahadhari.* Ukilifungua CSV moja kwa moja kwenye Excel, namba za simu zinazoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo, na namba ndefu hugeuka kuwa kitu kama 2.55E+11. Ukihifadhi faili likiwa hivyo, umeliharibu. Tumia `Data > From Text/CSV` na ufanye safu ya simu iwe ya maandishi. Faili la asili liache bila kuguswa.

Hatua ya 10: Msomee, kisha akusimulie yeye

Mpe ukurasa, ausome, kisha muulize: "Ukitaka kuacha, utafanya nini kwanza, na lini?" Akijibu "nitafunga kadi", ukurasa wako haujafanya kazi, hata kama kila sentensi ni sahihi. Iandike upya sehemu hiyo. Kando ya kila sentensi weka namba ya kifungu ilikotoka, ili siku ya mabishano asianze kutafuta.

Mambo yakikwama

*Hakuna kifungu cha baada ya kusitisha.* Andika "hawakusema" na uichukulie siku ya kusitisha kuwa siku ya mwisho ya data. Pakua kila kitu kabla ya kutoa taarifa.

*Nyaraka mbili zinapingana.* Masharti yanasema "inaweza kufuta", mkataba wa uchakataji unasema "itafuta". Tafuta kifungu kinachosema waraka upi unashinda. Kipo mara nyingi, karibu na mwisho. Vivyo hivyo kama kuna masharti ya lugha mbili: hutajwa ni lugha ipi inayotawala.

*Masharti yamebadilika tangu alipojiunga.* Angalia kifungu cha mabadiliko. Masharti mengi husema ukiendelea kutumia umekubali. PDF yako ya zamani inakusaidia kuona kilichobadilika, na Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za zamani za mtandaoni, inaweza kuwa na toleo la nyuma kama hukuhifadhi. Kama barua pepe ya mabadiliko inatoa muda wa kukataa na kuondoka bila kudaiwa, muda huo ni tarehe nyingine ya kuweka kwenye kalenda.

*Kitufe cha kusitisha hakionekani.* Hakikisha kwanza ni akaunti ya msimamizi, kisha angalia nani anakata fedha. Ukishindwa, tuma taarifa kwenye anwani iliyotajwa na masharti, taja jina la akaunti na tarehe ya mwisho wa kipindi, na uombe uthibitisho. Hifadhi picha za skrini.

*Tarehe imeshapita na mwaka mpya umeanza.* Usifunge kadi. Toa taarifa ya kutohuisha leo ili angalau mwaka unaofuata usijirudie, kisha waandikie kuomba kushushiwa mpango au kuachiwa. Hawalazimiki, ila wapo wanaokubali, hasa siku chache baada ya makato na kama programu haijatumika. Katika baadhi ya nchi sheria hudai mteja akumbushwe kabla ya usajili kujihuisha, na pengine inafika hadi kwa biashara ndogo. Hapo, na pale fedha zinazodaiwa zinapokuwa nyingi au data ni ya afya, peleka ukurasa wako kwa mwanasheria pamoja na zile PDF. Atavisoma vifungu ulivyovitaja kwa namba badala ya kuanza na masharti yote.